Jinsi ya kusoma mediani, kwatili na thamani za pembezoni kwenye picha ya mchoro wa sanduku wenye makundi mawili

Swali hili linarudi kila msimu wa tasnifu na ripoti: "Nina picha tu ya mchoro, nimetumiwa kwenye simu. Data yenyewe sina. Nitapataje mediani na kwatili za kila kundi, na ile nukta iliyokaa peke yake juu ina maana gani?" Jibu fupi ni kwamba thamani hizo zinasomeka, tena kwa usahihi unaoshangaza, ilimradi picha imenyooka na unapima kwa pikseli badala ya kukadiria kwa macho. Mwongozo huu unafuata mchoro mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mchoro wenyewe unatokana na data inayokuja ndani ya programu ya R kwa jina `ToothGrowth`. Ni jaribio la simbilisi 60 waliopewa vitamini C, kisha ukapimwa urefu wa seli zinazojenga meno yao. Wengine walipata vitamini kwa njia ya juisi ya machungwa, kundi `OJ`, na wengine kwa asidi askobiki, kundi `VC`. Hapa tunachukua wale waliopewa miligramu 1 kwa siku tu, yaani simbilisi 10 kwa kila kundi. Uzuri wa data hii ni kwamba mtu yeyote anaweza kuifungua, hivyo ukishasoma picha unaweza kuhakiki majibu yako mwenyewe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha yenye ubora wa juu kadiri uwezavyo kuipata. Ukitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na mistari inafifia. Mwombe mtumaji aitume kama faili.
- Programu inayoonyesha namba za pikseli unaposogeza kishale. Paint ya Windows na GIMP zote huzionyesha chini ya dirisha.
- Kikokotoo, au karatasi ya LibreOffice Calc au Excel.
- Maelezo yaliyo chini ya mchoro. Kama picha imekatwa bila maelezo, yatafute kwanza. Utaona sababu katika hatua ya 1.

Nadharia ya kubeba ni ndogo. Mstari ulio ndani ya sanduku ni mediani, yaani thamani ya katikati ukizipanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Ukingo wa chini wa sanduku ni kwatili ya kwanza (Q1) na wa juu ni kwatili ya tatu (Q3), hivyo nusu ya katikati ya data imo ndani ya sanduku. Masharubu ni mistari inayotoka nje ya sanduku, na nukta zilizo nje ya masharubu ni thamani za pembezoni.

## Hatua

1. Jua masharubu yanaishia wapi kwa kanuni gani. Usipime chochote kabla ya hili. Kanuni iliyozoeleka ni ya mwanatakwimu John Tukey: chukua kimo cha sanduku, yaani Q3 toa Q1, uzidishe kwa 1.5, sharubu linakwenda hadi thamani ya mwisho iliyo ndani ya umbali huo, na kinachobaki nje kinachorwa kama nukta. Lakini wapo wanaochora masharubu hadi thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa, na hapo hutaona nukta hata kama kuna thamani ya ajabu. Wengine huyaishiza kwenye asilimia ya 5 na ya 95, na hapo nukta zitakuwepo karibu siku zote, hata data ikiwa ya kawaida kabisa. Michoro hii mitatu inafanana kwa sura. Maelezo ya chini au sehemu ya mbinu katika ripoti ndiyo yatakayokuambia unaangalia upi.

2. Nyoosha picha. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na hayaonekani kwa macho. Kwanza kagua mzunguko: weka kishale kwenye ncha ya kushoto ya mstari wa chini wa fremu, soma namba ya y, kisha nenda ncha ya kulia. Namba hizo mbili zikitofautiana, picha imelala upande.

Usidharau mlalo mdogo. Tuseme picha imelala kwa nyuzi 1 tu, na sanduku la `VC` liko pikseli 900 kutoka kwenye mhimili wa namba. Sanduku hilo litakuwa limepanda au kushuka kwa pikseli 16 hivi. Sanduku la `OJ`, lililo karibu na mhimili, litakuwa limesogea kwa pikseli 7 tu. Kwa hiyo kosa haliyagusi makundi mawili sawasawa: kundi lililo mbali na mhimili ndilo linaloumia zaidi, na tofauti ya mediani uliyokuja kuitafuta inabadilika. Kama ungelinganisha sanduku moja na lenyewe usingejali. Hapa unalinganisha mawili.

Pili, kagua kama simu ilikuwa imeinama wakati wa kupiga picha. Pima umbali wa pikseli kati ya vistari viwili vya chini vya mhimili, kisha kati ya viwili vya juu vyenye nafasi ileile ya namba. Kama chini ni pikseli 204 na juu ni 188, karatasi ilikuwa imeegemea nyuma, na skeli moja haiwezi kutumika kwa mchoro mzima. Katika GIMP tumia zana ya `Perspective`, uvute pembe za picha mpaka fremu ya mchoro iwe mstatili wa kweli. Kisha rudia vipimo vyote viwili. Ukiweza kupiga picha upya, hiyo ni bora kuliko kurekebisha: simama mbali kidogo, kuza kwa kamera, na ulaze karatasi mezani ili isijikunje.

3. Tengeneza skeli. Chagua vistari viwili vya mhimili vilivyo mbali sana kimoja na kingine, na vyenye namba zinazosomeka bila shaka. Kwenye mchoro wetu ni 14 na 26. Tuseme kistari cha 14 kiko kwenye y = 1742 na cha 26 kiko kwenye y = 518. Kumbuka kwamba pikseli huhesabiwa kuanzia juu ya picha kwenda chini, ndiyo maana namba kubwa ya y ina thamani ndogo. Wanaoanza hugeuza ishara hapa na kupata mchoro uliosimama kichwa chini.

```
thamani = A + (yA - y) * (B - A) / (yA - yB)
```

Kwetu A = 14, yA = 1742, B = 26, yB = 518. Tofauti ni pikseli 1224 kwa vipimo 12, yaani pikseli 102 kwa kila kipimo 1. Jaribu skeli yako kwenye kistari ambacho hukukitumia: 20 inapaswa kuwa karibu na y = 1130. Ukiikuta kwenye 1128, endelea. Ukiikuta kwenye 1105, rudi hatua ya 2.

Pima katikati ya kistari chenyewe, wala si katikati ya tarakimu iliyoandikwa pembeni yake. Mara nyingi tarakimu imekaa juu au chini kidogo ya kistari chake.

4. Soma mediani. Kuza picha mpaka mstari wa mediani uonekane kama ukanda. R huuchora mnene kuliko mistari mingine, na kwenye picha kubwa unaweza kufika pikseli 9 au 10. Soma y ya ukingo wa juu wa ukanda na ya ukingo wa chini, kisha chukua katikati. Kwa `OJ` tunapata 779, na hesabu inakuwa 14 + 963 ÷ 102, yaani 23.44. Kwa `VC` tunapata 1487, sawa na 16.50.

Usichanganye mediani na wastani. Excel huweka alama ya msalaba ndani ya sanduku, na alama hiyo ni wastani. Wengine huweka nukta au almasi. Mediani ni mstari unaovuka sanduku kutoka ukingo hadi ukingo.

5. Soma kwatili. Fanya vilevile kwa kingo za sanduku, kila mara ukichukua katikati ya unene wa mstari. Haya ndiyo masomo ya mchoro wetu, pamoja na masharubu ya hatua inayofuata:

| Sehemu | `OJ`: y | `OJ`: thamani | `VC`: y | `VC`: thamani |
|---|---|---|---|---|
| Nukta ya juu | hakuna | hakuna | 875 | 22.50 |
| Sharubu la juu | 385 | 27.30 | 1252 | 18.80 |
| Q3 | 538 | 25.80 | 1405 | 17.30 |
| Mediani | 779 | 23.44 | 1487 | 16.50 |
| Q1 | 1129 | 20.01 | 1620 | 15.20 |
| Sharubu la chini | 1691 | 14.50 | 1783 | 13.60 |

Angalia kwamba 27.30 iko juu ya kistari cha mwisho na 13.60 iko chini ya kile cha kwanza. Hesabu inafanya kazi hata nje ya vistari, ndiyo maana ya kuchagua vistari vilivyo mbalimbali: vingekuwa 18 na 20 tu, kosa la pikseli 2 lingekuzwa mara kadhaa kufikia huko.

6. Soma masharubu, lakini usiyaite mpaka wa 1.5. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Sharubu la juu la `VC` linaishia 18.80. Mpaka wenyewe ni Q3 + 1.5 × kimo cha sanduku: 17.30 + 1.5 × 2.10 = 20.45. Mpaka huo hauchorwi popote. Sharubu linasimama kwenye thamani halisi ya mwisho iliyopimwa kabla ya kuuvuka mpaka, na kwa kundi hili ni 18.8. Kwa hiyo ncha ya sharubu inakupa kipimo cha simbilisi mmoja aliyekuwepo, na kati ya 18.8 na 20.45 hapakuwa na yeyote.

7. Soma na uhakiki thamani za pembezoni. Pima katikati ya nukta. Nukta ya `VC` iko y = 875, yaani 22.50. Sasa ihakiki kwa mpaka uliokokotoa: 22.50 imepita 20.45, hivyo mchoro unakubaliana na kanuni ya Tukey. Kama nukta yoyote ingeangukia ndani ya mpaka kwa kiasi kikubwa, ingekuwa dalili kwamba mchoraji alitumia kanuni nyingine, au umepima vibaya.

Upande wa `OJ`, mipaka ni 20.01 − 8.69 = 11.32 chini, na 25.80 + 8.69 = 34.49 juu. Masharubu yote yamo ndani na hakuna nukta. Hapa kuna jambo linalowatatiza wengi. Simbilisi wa chini kabisa wa `OJ` yuko kwenye 14.5, umbali wa 5.5 chini ya sanduku lake, na hahesabiwi wa pembezoni. Yule wa juu wa `VC` yuko umbali wa 5.2 tu juu ya sanduku lake, naye anahesabiwa. Sababu ni kimo cha sanduku: la `OJ` lina 5.79 na la `VC` lina 2.10. Thamani huwa ya pembezoni kwa kipimo cha mtawanyiko wa kundi lake, wala si kwa umbali peke yake. Hiyo 22.5 ingekuwa kwenye kundi la `OJ`, ingekaa ndani ya sanduku bila mtu kuiona.

Nukta moja pia si lazima iwe kipimo kimoja. Thamani mbili zinazofanana hulaliana na kuonekana kama nukta moja. Usiandike "kulikuwa na thamani moja ya pembezoni". Andika "inaonekana nukta moja".

8. Linganisha makundi. Anza na mediani: 23.4 dhidi ya 16.5, tofauti ya karibu 6.9. Kisha angalia masanduku: Q1 ya `OJ` ni 20.0 na Q3 ya `VC` ni 17.3, hivyo masanduku hayapishani kabisa. Kwa lugha nyepesi, robo tatu ya `OJ` wako kwenye 20 au juu yake, wakati robo tatu ya `VC` hawazidi 17.3. Hata ile nukta ya pembezoni ya `VC` haikufika mediani ya `OJ`.

Kisha mtawanyiko: sanduku la `OJ` ni refu karibu mara tatu ya lile la `VC`. Urefu huo hausemi kwamba `OJ` ina simbilisi wengi zaidi. Makundi yote yana 10. Kila kipande, iwe sharubu au nusu ya sanduku, kinabeba takriban robo ya data. Kipande kifupi maana yake thamani zimebanana. Na idadi ya waliopimwa haisomeki kwenye sanduku hata kidogo. Itafute kwenye maelezo, kwa sababu masanduku ya watu 10 na ya watu 1000 huchorwa sawa.

## Hakiki majibu yako

Ukiwa na R, chora mchoro huohuo, upige picha skrini au karatasi uliyochapa, upime, kisha ulinganishe na thamani za kweli:

```r
d <- subset(ToothGrowth, dose == 1)
boxplot(len ~ supp, data = d)
boxplot.stats(d$len[d$supp == "OJ"])
boxplot.stats(d$len[d$supp == "VC"])
```

Mediani ya kweli ya `OJ` ni 23.45, na picha ilitupa 23.44. Hilo ni zuri, lakini lisikufanye uandike desimali mbili kwenye ripoti. Ukikosea pikseli 5 kwenye mstari mnene, tayari ni 0.05. Desimali moja inatosha, na useme wazi kwamba thamani zimesomwa kwenye mchoro.

Kwatili zina tatizo lake zaidi. Programu hazikokotoi kwa njia moja, na kundi likiwa dogo tofauti huonekana. Kwa data hiihii ya `OJ`, amri ya `boxplot` ya R inachora Q1 kwenye 20.0 na Q3 kwenye 25.8. `ggplot2` na matplotlib huchora 20.3 na 25.65. Excel, kwa mpangilio wake wa kawaida, huchora 19.925 na 25.95. Wote wako sahihi kwa kanuni zao. Kwa hiyo ukisoma 20.3 kwenye picha ya mtu na wewe ukakokotoa 20.0 kutoka kwenye data, usikimbilie kusema mmoja amekosea; uliza kwanza mchoro ulitengenezwa kwa programu gani. Mediani haina mgogoro huu.

## Mambo yakienda mrama

*Mstari wa mediani hauonekani.* Huenda umelalia ukingo wa sanduku. Hutokea data ikiwa na thamani nyingi zinazofanana, kwa mfano alama za dodoso za 1 hadi 5. Tafuta ukingo ulio mnene kuliko mwenzake; hapo mediani ni sawa na Q1 au Q3.

*Sharubu la upande mmoja halipo.* Thamani ya mwisho ndani ya mpaka ni sawa na kwatili yenyewe. Andika ncha ya sharubu kuwa sawa na ukingo wa sanduku, usiiache wazi.

*Skeli inakubali chini lakini inakataa juu, ingawa picha imenyooka.* Soma namba za mhimili tena. Zikienda 1, 10, 100 kwa nafasi sawa, skeli ni ya logi: weka `log10` ya namba za vistari kwenye kanuni ya hatua ya 3, kisha jibu ulipandishe kuwa kipeo cha 10. Kama kuna alama ya mkato kwenye mhimili, tengeneza skeli mbili, moja kwa kila upande wa mkato.

*Kuna nukta nyingi hata ndani ya sanduku.* Mchoraji ameongeza data yote juu ya mchoro. Nukta za pembezoni huenda zimechorwa mara mbili, moja na mchoro wa sanduku na nyingine na data yenyewe ikiwa imesogezwa kidogo kushoto au kulia. Nukta mbili zenye y ileile, moja ikiwa katikati kabisa ya sanduku kwa upande wa mlalo, zihesabu kuwa moja.

*Hujui kama ni nukta au doa la karatasi.* Nukta za mchoro zina ukubwa na umbo moja, na kwa kawaida zinakaa kwenye mstari wa katikati wa sanduku lao. Chora mstari wima kupitia masharubu. Kilicho kando ya mstari huo, na chenye kingo zisizo sawa, ni doa.

*Picha ya skrini ina mawimbi ya rangi yanayokata mistari.* Ni mgongano wa vitone vya skrini na vya kamera, na hakuna zana itakayouondoa vizuri. Piga skrinshoti kwenye kompyuta hiyohiyo. Ikishindikana, sogea nyuma na ubadilishe pembe kidogo mpaka mawimbi yapungue, halafu nyoosha picha kwa hatua ya 2.